Herufi tatu za kwanza za chasisi: nani hasa aliunda Hilux unayouziwa?

Mzee mmoja wa Koboko alinipigia simu akiwa kwenye bondi moja ya Nakawa, amesimama mbele ya Hilux dabo kabini nyeupe. Broka alikuwa amemwapia kwamba gari ni "Japani tupu", na kwa sababu hiyo bei haishuki. Nikamwambia, "Mzee, achana na rangi. Chukua tochi, unisomee herufi tatu za kwanza za chasisi." Akainama, akakohoa, akasoma: "A. H. T."

Gari hilo liliundwa Durban, Afrika Kusini, na Japani halikuwahi kufika. Si kasoro, maana Hilux za Durban ni magari mazuri na nimeziuzia spea miaka mingi hapa Kisekka. Lakini broka alikuwa anauza hadithi, na hadithi hiyo ilikuwa imepandisha bei. Herufi tatu zilitosha kuibomoa. Nitaeleza jinsi ya kuzisoma, na kesi yangu itakuwa Hilux kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu kuliko gari lingine lolote mjini.

Hatua ya kwanza: isome kwenye chuma

Usianze na logibuku. Logibuku iliandikwa na mtu, na mtu hukosea. Anza na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Hilux, iko kwenye reli ya chasisi upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Geuza usukani tairi lifunguke, futa tope kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha mulika kwa pembeni ili vivuli vionyeshe herufi. Halafu tafuta kibati au stika kwenye nguzo ya mlango, au kibati kilichofungwa ndani ya boneti. Kwenye drone, yaani HiAce zile za taksi, huwa unainua kiti cha mbele. Kwenye boda ya Bajaj namba iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia.

Piga picha za sehemu zote mbili, chuma na kibati. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, simama hapo hapo kwanza. Mambo mengine yote ya mwongozo huu yanasubiri.

Hatua ya pili: hesabu

Namba kamili ya utambulisho wa gari, ile watu wanayoiita VIN, ina tarakimu na herufi 17. Si 16 wala 18. Utaratibu huo ni wa kimataifa: ISO 3779 inaeleza namba nzima ilivyopangwa, na ISO 3780 inahusu herufi tatu za kwanza tu, ambazo ndizo zinamtambulisha mwundaji.

Hapa Uganda utakutana na kitu kingine mara nyingi zaidi. Magari mengi yetu yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, wakayatumia, ndipo yakaja Mombasa na kupanda hadi Kampala. Japani haitumii zile 17 kwa magari ya soko lake la ndani. Inatumia namba ya fremu, ambayo ni kodi, yaani msimbo, ya modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Fielder itaanza na NZE141 kisha kistari. Drone itaanza na TRH200 au KDH201 kisha kistari. Ukiona kistari, usitafute herufi tatu za mwundaji, maana hazimo. Ile NZE si jina la kampuni wala nchi. Ni injini na umbo la gari.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiingiza namba ya Premio kwenye tovuti ya kusoma VIN, tovuti ikajibu kwamba namba si sahihi, nao wakaondoka wakiamini gari ni la wizi. Gari halikuwa na kosa. Tovuti iliulizwa swali la lugha nyingine. Kwa gari la namna hiyo, fungua boneti utafute kibati cha mwundaji. Kwenye vibati vingi vya Toyota kuna sehemu imeandikwa PLANT ikifuatiwa na kodi fupi ya kiwanda. Hiyo ndiyo itakayokusaidia kidogo.

Basi zile 17 utazikuta wapi? Kwenye magari yaliyouzwa mapya hapa Afrika Mashariki, yaliyotoka Uingereza, Afrika Kusini, Thailand, India au Ulaya, na kwenye zile Land Cruiser nyeupe za mashirika ambazo Arua na Koboko tunazinunua kwenye minada zikishachoka. Hizo za mashirika ziliundwa Japani kweli, lakini kwa ajili ya kuuzwa nje, kwa hiyo zina VIN kamili inayoanza na JT.

Hatua ya tatu: safisha namba kabla ya kuisoma

Ndani ya VIN hakuna herufi I, wala O, wala Q. Ziliondolewa makusudi kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ukiona duara, ni sifuri. Ukiona kijiti, ni moja.

Linaonekana jambo dogo, lakini limenigharimu. Mteja alinitumia picha ya logibuku ya Hilux yake, namba ikianza na MRO, imechapwa kwa herufi O. Nikaiandika vile vile kwenye katalogi ya spea. Katalogi haikuleta kitu. Badala ya kufikiri nikakisia kwa macho, "Hilux ni Hilux," nikamwagizia sahani ya klachi. Ilipofika haikukaa, na nauli ya basi ya kuirudisha nililipa mimi. Namba sahihi ilikuwa MR0, kwa sifuri. Tangu siku hiyo kila VIN inayokuja dukani naipitia kwanza nikigeuza O kuwa 0 na I kuwa 1, hata kama karatasi ina muhuri.

Hatua ya nne: herufi ya kwanza, halafu ya pili

Herufi ya kwanza inakupa eneo la dunia. A ni Afrika, pamoja na B. J hadi R ni Asia. S hadi Z ni Ulaya. 1, 4 na 5 ni Marekani, 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko na majirani zake. 8 na 9 ni Amerika ya Kusini.

Hapa watu huwa wanakimbia. Wanaona M wanasema "India", wanaona S wanasema "Mwingereza". Ukweli ni kwamba nchi chache tu zimepewa herufi nzima. J yote ni Japani. L yote ni China. W yote ni Ujerumani. Herufi nyingine zimegawanywa kama kiwanja cha urithi, kila ndugu na kipande chake, na mpaka unausoma kwenye herufi ya pili.

Chukua hiyo M. Kuanzia MA hadi ME ni India. MF hadi MK ni Indonesia. ML hadi MR ni Thailand. Kwa hiyo MAT ni Tata ya India, MHF ni Toyota ya Indonesia, na MR0 ni Toyota ya Thailand, ingawa zote tatu zinaanza na M. Chukua S nayo: SA hadi SM ni Uingereza, kisha kipande kinachofuata ni cha Ujerumani, na baada yake kuna Poland. Ndiyo maana SJN ni Nissan ya Sunderland huko Uingereza, SAL ni Land Rover, na SB1 ni Toyota ya Uingereza, ambayo utaikuta kwenye Avensis nyingi zilizotoka huko.

Kwa Afrika, AA hadi AH ni Afrika Kusini. Uganda ina kipande chake kwenye B, nacho ni BU. Kiira Motors, ile kampuni ya serikali yenye kiwanda Jinja na mabasi ya Kayoola, kodi yake ni BUK. Siku utakapopanda basi la Kayoola, angalia kibati chake. Binafsi napenda kuiona.

Japani ina upekee wake. Kwa kuwa J nzima ni yao, herufi ya pili haina kazi ya kutaja nchi, ikabaki kumtaja mwundaji. JT ni Toyota, JN ni Nissan, JH mara nyingi ni Honda, JF ni Subaru, JS ni Suzuki. Kuna sehemu inayochanganya, kwa sababu JM inabeba Mazda na pia Mitsubishi, na JA inabeba Isuzu na Mitsubishi. Hapo lazima usubiri herufi ya tatu.

Hatua ya tano: soma zote tatu kwa pamoja

Sasa turudi kwa mzee wangu Nakawa. Aliponisomea AHT nilimwomba aendelee hadi ya nane. Ikatoka AHTFZ29G. Jirani yangu pale Kisekka ana Hilux ya umbo lile lile na injini ile ile ya lita tatu ya dizeli, na yake inaanza MR0FZ29G. Ziweke juu na chini uzitazame:

```
AHT FZ29G
MR0 FZ29G
```

Kuanzia herufi ya nne hadi ya nane hakuna tofauti. Sehemu hiyo inaeleza gari lenyewe, yaani umbo, injini na mengineyo, na kweli ni gari moja. Kilichobadilika ni zile tatu za mwanzo tu, nazo zinajibu swali la nani aliyeliunda. AH ni Afrika Kusini, na AHT ni Toyota South Africa Motors, yenye kiwanda Prospecton, kusini mwa Durban. MR ni Thailand, na MR0 ni Toyota Motor Thailand. Kuna ndugu wa tatu asiyefika sana kwetu, 8AJ, ambaye ni Toyota ya Argentina.

Kwa nini Hilux imetawanyika hivi? Mwaka 2004 Toyota ilizindua kizazi kipya cha Hilux huko Thailand, chini ya mpango wa kuunda pikapu hizo nje ya Japani na kuzisambaza duniani kutoka huko. Thailand, Afrika Kusini na Argentina zikabeba kazi hiyo. Soko la Japani lenyewe likakaa bila Hilux hadi 2017, ilipoanza kuuzwa tena kule. Na zilizouzwa Japani kuanzia 2017 ziliagizwa kutoka Thailand!

Hapo ndipo neno "ya Japani" linapoteleza. Unaweza kununua Hilux iliyotumika Tokyo, ikaletwa kwa meli kutoka Yokohama, ina namba ya fremu ya Kijapani inayoanza na GUN125 na kistari chake, na bado iliundwa Thailand. Broka hatakuwa amedanganya akisema imetoka Japani. Ila kutoka Japani na kuundwa Japani ni mambo mawili.

Je, tofauti hii ina maana kwa mfuko wako? Kwangu mimi muuza spea, ina maana kila wiki. Viwanda hivi havinunui kila kitu kwa wasambazaji walewale, na baadhi ya spea hubeba namba tofauti katika katalogi kutegemea gari liliundwa wapi. Mtu akiniambia "Hilux ya 2010" nakuwa sijui kitu bado. Akiniambia AHT au MR0, nusu ya kazi imekwisha. Kuhusu ipi ni imara zaidi, wanasokoni hubishana mpaka chai inapoa. Mimi naangalia lilivyotunzwa na chasisi ilivyo na kutu, kisha nanyamaza.

Hatua ya sita: nembo na kampuni ya kiwandani si lazima zifanane

Herufi tatu za kwanza humtaja mwundaji aliyewajibika na gari, na wakati mwingine huyo siye aliyeandikwa kwenye grili.

Mfano ninaoupenda ni Mazda BT-50. Kwa miaka mingi pikapu hiyo na Ford Ranger walikuwa pacha, chasisi moja chini ya nguo mbili. Afrika Kusini zote mbili ziliundwa na Ford katika kiwanda cha Silverton, Pretoria. Ranger za huko zinaanza na AFA. BT-50 za huko zinaanza na AFB. Kwa hiyo mtu mwenye BT-50 ya AFB akikosa spea kwa watu wa Mazda, aende kwa watu wa Ranger akiwa na namba yake mkononi, kwa sababu aliyekaza bolti zake ni Ford.

Renault Sandero ya Afrika Kusini ni hadithi ya aina hiyo. Kodi yake ni ADR, na aliyeiunda ni Nissan katika kiwanda chake cha Rosslyn. Nissan yenyewe pale pale ni ADN. Tofauti ya herufi moja, geti moja.

Hata kwenye boda iko hivyo. Boxer inaanza na MD2, ambayo ni Bajaj Auto ya India, na TVS ni MD6. Lakini ukikutana na kijana mwenye KTM ndogo inayoanza na MD2, mwambie injinia wake ni wa Austria na kiwanda chake ni cha Bajaj. Hatafurahi, ila ndivyo ilivyo.

Njia ya kujikumbusha ni kujiuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: nembo ni ya nani? Hilo unalisoma kwenye boneti. La pili: nani aliomba kodi hii na kuwajibika kuigonga kwenye chuma? Hilo unalisoma kwenye zile tatu za mwanzo. Majibu yakifanana, vizuri. Yakitofautiana, tafuta kama kampuni hizo zina ushirikiano unaojulikana kabla hujaita polisi.

Hatua ya saba: pale herufi tatu zinapokudanganya

Kodi hizi hutolewa kwa mwundaji na kuhusishwa na nchi. Si ramani ya kila karakana. Kampuni inaweza kuunda gari nchi moja na kuligonga kodi ya makao yake makuu.

Mercedes ML ya umbo la W164 ziko nyingi Kololo na Ntinda. Nyingi zinaanza na WDC, na W ni Ujerumani, kwa hiyo mwenye gari anatembea kifua mbele. ML hizo ziliundwa Tuscaloosa, katika jimbo la Alabama, Marekani. Zilizobaki Marekani kuuzwa huko ziligongwa 4JG, na zilizokwenda nje zikagongwa WDC. Ushahidi uko ndani ya namba ile ile: hesabu hadi ya 11. Ukikuta A, ni Tuscaloosa. Herufi ya 11 ndiyo ambayo waundaji wengi huitumia kutaja kiwanda, lakini kila mmoja ana kamusi yake mwenyewe. A ya Mercedes si A ya Volkswagen. Touareg nyingi zinaanza na WVG, tena W ya Ujerumani, na ya 11 ni D, ambayo kwa Volkswagen ni Bratislava, Slovakia.

Kwenye pikipiki kuna mfano mkali zaidi. BMW G310 huundwa na TVS huko Hosur, India, lakini inaanza na WB3. Herufi zinasema Ujerumani, mikono ni ya India.

Kwa hiyo tumia herufi tatu kusema "mwundaji anayewajibika ni fulani", na hapo utakuwa salama. Ukitaka kusema "liliundwa mji fulani", ongeza ya 11 pamoja na kamusi ya mwundaji huyo. Kwa Hilux tuna bahati, kwa sababu AHT na MR0 zinatenganisha viwanda vya nchi mbili bila utata.

Mtego mwingine ni herufi ya kumi. Tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kuundwa, basi kila mtu sasa anataka kusoma mwaka kwenye VIN. Kwa magari ya soko la Marekani, ya kumi ni mwaka wa modeli kweli. Kwa Toyota za masoko mengine mara nyingi utakuta 0 pale, na 0 haimo kabisa katika orodha ya kodi za mwaka. Usilazimishe. Mwaka uutafute kwenye stika za mikanda ya usalama, kwenye vioo na kwenye karatasi za ukaguzi, siyo hapo.

Na kuna mtego wa herufi ya tatu. Ikiwa herufi ya tatu ni 9, mwundaji ni mdogo, anayeunda magari yasiyofika elfu moja kwa mwaka. Wako wengi kama hao, hasa wa matrela, kwa hiyo wanatenganishwa tena kwa nafasi ya 12, 13 na 14. Kwa trela la maroli ya Malaba, tatu za mwanzo peke yake hazitoshi.

Hatua ya nane: hakikisha kwa kompyuta, kwa kiasi

Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ina huduma ya bure inayopokea kodi ya herufi tatu na kurudisha jina la mwundaji. Andika anwani hii kwenye kivinjari cha simu, ukibadilisha zile tatu za mwishoni kabla ya alama ya kuuliza:

```
https://vpic.nhtsa.dot.gov/api/vehicles/DecodeWMI/4JG?format=json
```

Katika majibu tafuta ManufacturerName, ambayo ni kampuni iliyosajili kodi, na ParentCompanyName, ambayo ni kampuni mama iliyo nyuma yake. La kwanza ndilo linalojibu lile swali letu la pili, la nani aliomba kodi.

Ila kumbuka huduma hiyo ni ya Wamarekani na inajua waundaji waliojiandikisha kwao. Hilux haiuzwi Marekani. Ukiweka kodi ya gari la huku ukapata jibu tupu, si dalili ya wizi.

Hatua ya tisa: dalili za kukufanya ufunge pochi

Ya kwanza ni kodi isiyoendana na gari. Hilux ya umbo la karibuni ambayo chuma chake kinaanza na JN au WDB ina chasisi ya gari lingine au namba iliyopachikwa. Ya pili ni herufi iliyokatazwa kwenye chuma chenyewe. O kwenye logibuku ni uzembe wa karani, lakini Q iliyogongwa kwenye chasisi ni kazi ya mtu mwenye nyundo nyuma ya nyumba. Ya tatu ni mpangilio: waundaji hugonga kwa mashine, herufi zinakaa kwenye mstari na kina kimoja. Pitisha ukucha. Ukisikia baadhi zimezama zaidi kuliko jirani zake, au rangi ya eneo hilo ni mbichi kuliko reli nzima, acha.

Ya nne watu wengi hawaijui. Gari la Afrika Kusini linaweza kuwa na namba inayoanza na AAP. Hiyo haimtaji mwundaji yeyote. Ni namba iliyogongwa upya na polisi wa Afrika Kusini, kwa kawaida kwa sababu ya mwanzo iliharibiwa au ilichezewa. Kihalali gari kama hilo linaweza kuwa na karatasi safi. Lakini umepoteza taarifa ya mwundaji, spea utaziagiza kwa kubahatisha, na siku ya kuuza utajieleza kwa kila mnunuzi. Mimi bei yake ningeikata sana, au ningepita.

Mzee wa Koboko chuma, kibati na logibuku vyake vilikubaliana, AHT mahali pote. Alimrudia broka akamwambia kwa utaratibu wa kwao, bila kupandisha sauti: "Kijana wangu, hili gari la Durban. Japani sijaiona hapa. Tuongee bei ya Durban." Wakaongea. Sikuambiwa walikubaliana ngapi, ila jioni alilipakia mbao akapanda nalo kaskazini.

Baada ya kama mwezi simu yake ikaita nikiwa dukani. Hakusalimia kwanza, jambo ambalo si kawaida yake. "Mwanangu, andika: A, H, T. Nataka shokapu za mbele."